Vyumba Vinne vya Kuku wa Kishingo

Swali la nne nililikosa lote, na mwalimu alilipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona kana kwamba limemtukana. Mimi si mtu wa kusahau kosa, hasa likiwa langu. Nimesahau majina ya mito na tarehe za wafalme wa Kiingereza tulizokaririshwa, lakini karatasi ile naiona mpaka kesho.

Nilikuwa darasa la kumi na moja katika shule ya bweni ya misheni, upande wa Masasi, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Kitabu cha bayolojia kilikuwa kimoja kwa wanafunzi watatu, na picha zake zote zilikuwa za mimea ya Ulaya. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyetoka Makerere, mtu wa kule kwenye ziwa kubwa, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hata siku za mvua. Yeye hakusubiri vitabu. Aliandika maswali yake mwenyewe, akayatoa kwa ile mashine ya kurudufu ya ofisini, ya kuzungusha kwa mkono, na tukagawiwa karatasi zikiwa bado zinanuka wino. Ukizishika vibaya, unakwenda kula na vidole vyeusi.

Maswali matatu ya mwanzo yalihusu njegere. Mimea ya njegere sikuwa nimewahi kuiona, lakini kanuni yake ilikuwa nyepesi. Kila mmea una herufi mbili za urefu, moja kutoka kwa kila mzazi. T kubwa ni ya urefu, nayo hutawala. t ndogo ni ya ufupi, nayo hujificha ikikutana na kubwa. Unachora mraba wa Punnett, wenye vyumba vinne. Herufi za mzazi mmoja unaziweka juu, za mwingine unaziweka ubavuni, halafu unazishusha na kuziingiza chumba kimoja kimoja. Ukiupandisha mmea wa Tt na wa Tt unapata TT mmoja, Tt miwili, tt mmoja. Uwiano wa jenotaipu, yaani herufi zilizomo ndani, ni moja kwa mbili kwa moja. Uwiano wa fenotaipu, yaani kile jicho linachokiona, ni mitatu mirefu kwa mmoja mfupi. Hayo niliyapata yote na nikajiona profesa.

Swali la nne mwalimu alilitoa nje ya kitabu, kwenye uwanja wa nyumba yake. Kuku jike wa kishingo, yaani yule ambaye shingo yake haina manyoya, ana herufi Nn. Amepandishwa na jogoo mwenye manyoya kamili, nn. Chora mraba, toa uwiano wa vifaranga.

Nilichora. Juu niliweka N na n za kuku. Ubavuni nikaweka tena N na n za kuku. Nikapata NN mmoja, Nn wawili, nn mmoja; watatu kishingo, mmoja mwenye manyoya. Nikapeleka karatasi kifua mbele.

Siku ya kurudishiwa karatasi mwalimu aliniinua darasani. Aliniuliza jogoo yuko wapi. Nikatazama mraba wangu, na kweli, jogoo hakuwamo. Sikuwa nimemsahau kwa haraka. Nilimsoma, nikamwona, na akili yangu ikampita kama mtu anavyopita mgeni aliyeketi barazani akisubiri kuondoka.

"Jogoo alikuja tu, mwalimu," nilisema.

Wanafunzi wa mikoa mingine walicheka mpaka wakapiga madawati. Wa kwetu hawakucheka. Mwalimu alipozipekua zile karatasi aliona wengi wa kwetu walikuwa wamefanya kosa lile lile, kila mmoja kwa mkono wake, bila kuibiana. Alishangaa sana. Kwao mtoto huhesabiwa kwa baba, na hakujua kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye mtoto ni mjomba. Baba ni mtu aliyekuja kuoa. Analima shamba la wakwe, anajenga, anaheshimiwa, lakini watoto si wa ukoo wake. Tangu tukiwa wadogo tulijua hesabu hiyo, na hakuna aliyetuambia kwamba kuku hawaifuati.

Mwalimu alifuta ubao, akachora mraba upya. Juu N na n za kuku. Ubavuni n na n za jogoo. Akajaza: Nn, nn, Nn, nn. Kishingo wawili, wenye manyoya wawili, uwiano wa moja kwa moja, jenotaipu na fenotaipu sawia. Halafu akagonga chaki kwenye kila chumba.

"Herufi moja ya mama, moja ya baba," alisema. "Hakuna chumba ambacho baba hayumo."

Niliketi. Darasa liliendelea na swali la tano, lakini mimi sikulisikia, kwa sababu mwaka uliotangulia baba yangu alikuwa amerudishwa kwao.

Mama alifariki nikiwa darasa la kumi. Baba alikuwa Mmakonde wa Newala aliyeshuka kuja kuoa kwetu, kijiji cha jirani na Lulindi, na alikaa pale miaka mingi kuliko aliyokaa kwao. Matanga yalipokwisha, mjomba na wazee wa ukoo walimketisha, wakamshukuru kwa kumtunza dada yao vizuri, wakamkabidhi jembe lake, mkeka wake na kuku wake, wakampa ruhusa. Ndivyo inavyofanywa. Hakuna aliyegombana na hakuna aliyetoa neno baya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ugomvi ungenipa mtu wa kumchukia. Dada zangu wadogo na mimi tulibaki kwa mjomba.

Kabla ya hapo baba alikuwa akinijia shuleni kila Jumapili ya wageni. Alitembea kwa miguu, akaketi nami kwenye ngazi za bwalo, na mara nyingi hatukusema lolote la maana. Baada ya kurudishwa, hakuja tena. Jumapili tano zilipita hivyo. Mjomba alikuja mara mbili, akauliza maendeleo yangu, akaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliamini kwamba baba amenifunga kama mlango.

Likizo ilipofika nilimdanganya mjomba. Nilimwambia nakwenda kumwona mwanafunzi mwenzangu Masasi mjini. Nikadandia lori la mfanyabiashara mmoja lililokuwa linapanda Newala na magunia ya chumvi, nikapanda nalo ule mlima, mara mbili tukishuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Juu kulikuwa na ukungu na baridi ya asubuhi. Karatasi ilikuwa ndani ya shati.

Nilimkuta baba kwenye kibanda ukingoni mwa uwanja wa dada yake, anasuka tenga la kuku. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akainuka. Hakunikumbatia, wala hatukuwa watu wa kukumbatiana. Aliniletea kiti, kile cha mgeni, na mimi nikakichukia kiti kile kuliko nilivyowahi kuchukia kitu. Kisha akaniuliza kama mjomba wangu anajua niko wapi. Nikakiri kwamba nilimdanganya, naye akatikisa kichwa.

Wapwa zake walikuja kumwamkia mmoja mmoja. Hapo kwa dada yake yeye ndiye aliyekuwa mjomba, mwenye watoto, na nikaona jinsi walivyomwogopa na kumpenda. Niliwaonea wivu mchungu. Binti za shangazi walikuwa wametoka na mitungi alfajiri kushuka bondeni kwa maji, na walirudi jua limepanda sana, kwa maana kule juu maji ni safari. Mtungi ulipotuliwa, baba alichota kata nzima, akanimiminia mikononi ninawe uso, halafu akachota ya pili ninawe miguu. Shangazi alitazama yale maji yakizama mchangani. Mtu wa Newala hamwagii mgeni kata mbili. Hapo nilijua kwamba hakunifunga.

Tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi. Kisha nikatoa karatasi. Baba hakujua kusoma, kwa hiyo nilichora mraba chini kwa kijiti, kwenye mchanga mbele ya kibanda, nikaanza kumweleza kama nilivyoelezwa. Kuku huyu ana herufi mbili. Jogoo naye ana mbili. Kila kifaranga anachukua moja huku na moja huku. Baba alifuata kidole changu chumba hadi chumba. Nilifika mwisho, nikasema nusu watakuwa kishingo, nusu watakuwa na manyoya.

Akanyanyuka, akaenda nyuma ya kibanda, akarudi akiwafukuza taratibu kuku jike wa kishingo na vifaranga wake. Jogoo wake alikuwa wa manyoya kamili, mmoja tu uwanjani, kwa hiyo hakukuwa na shaka ya baba. Tuliwahesabu vifaranga. Walikuwa wanane: kishingo watano, wenye manyoya watatu.

"Mwalimu wako anasema sawa kwa sawa," alisema. "Mbona hawa hawako sawa?"

Nikamweleza kwamba ni kama kurusha sarafu. Ukirusha mara nane huwezi kuahidi nne kwa nne, lakini ukirusha mara nyingi sana inakaribia. Akaniambia kwamba akijumlisha vifaranga wote aliowahi kuwatotoa kuku yule inakuwa karibu nusu kwa nusu, na kwamba angeweza kuniambia hivyo tangu mwanzo bila ya mimi kuchora chini. Alikuwa anatania, na mimi nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha akamshika yule kuku, akamgeuza, akanionyesha kifuani juu kidogo, pale shingo inapoanzia. Kulikuwa na kishada kidogo cha manyoya, kama vile mtu alimnyoa akachoka kabla hajamaliza.

"Huyu amechanganya," alisema. "Akiwa na kishada, mzazi wake mmoja alimpa manyoya. Yule asiye na kitu kabisa, shingo tupu mpaka chini, alipewa kishingo na wote wawili. Huyo mpandishe na jogoo yeyote, vifaranga wote watakuwa kishingo."

 Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba NN na Nn hutofautiana kwa herufi tu na jicho haliwezi kuwatenganisha. Kwa njegere ni kweli. Kwa kuku wa kishingo, mtu asiyejua alifu wala bee alikuwa anasoma herufi zao shingoni. Ukipandisha Nn na Nn, uwiano wa fenotaipu si watatu kwa mmoja tu. Kwa jicho la baba yangu ulikuwa mmoja shingo tupu, wawili wa kishada, mmoja wa manyoya, sawasawa na jenotaipu yenyewe. Muhula uliofuata nilimwambia mwalimu. Jioni akaenda kuwakamata kuku wake mmoja mmoja, na kesho yake akalisahihisha swali mbele ya darasa, akasema limetoka kwa mzee mmoja wa Newala. Nampenda mwalimu yule kwa hilo mpaka leo.

Lakini pale kibandani sikuwa nimekwenda kwa ajili ya kuku. Nilimwambia baba kwamba mraba ule ni wangu pia. Nikaweka kidole kwenye chumba kimoja, nikasema herufi hii ni ya mama na hii ni yako, na hakuna mzee wa ukoo awezaye kuitoa. Nikamwomba aje shuleni Jumapili ya wageni.

 Macho yake yalilowa na hakuyafuta. Kisha akasema kwamba hayo alikuwa anayajua. Alikuwa akiyaona kila siku kwenye vidole vyangu vya miguu, ambavyo ni vyake. Kilichomzuia kilikuwa heshima. Aliagwa vizuri, na mtu aliyeagwa vizuri harudi kumzungukia mwenye mtoto kwa mlango wa nyuma.

"Mjomba wako akiniita, nitakuja siku hiyo hiyo," alisema. "Asiponiita, usije tena kwa uongo."

Ndipo nilipoelewa kwamba mambo yote yako kwa mjomba, na nikashuka mlima kumkabili.

Mjomba alikuwa fundi seremala wa misheni, mtu mkubwa wa maneno machache, penseli sikioni tangu asubuhi. Ndiye aliyenilipia shule na ndiye aliyetengeneza jeneza la mama, peke yake, akikataa kusaidiwa. Nilimkuta kwenye karakana. Nikamwambia nilikokwenda, na nikasema pia kwamba nilimdanganya, kwa sababu tayari nilikuwa nimechoka kuogopa. Aliendelea kupiga randa. Maranda yalimwangukia miguuni. Nikaongea upesi, nikamfungulia karatasi juu ya benchi la kazi, nikamweleza vyumba vinne, jogoo niliyemsahau, na herufi ya baba.

Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mraba wangu umekwenda upande. Alichukua kipimo chake cha kona, akauchora upya kwa penseli juu ya ubao aliokuwa ameupiga randa, mistari imenyooka. Alijua kusoma, naye aliandika herufi mwenyewe, polepole, akiniuliza kila moja inatoka wapi. Nilipomaliza alinitazama.

"Kwa hiyo wazee wetu ni wajinga," alisema.

Nikasema hapana, mjomba. Ukoo ni wa mama, na hilo halibadiliki. Mimi ni wa ukoo huo na nitazikwa nao. Lakini mwili una baba.  Nilidhani sasa nitafukuzwa. Badala yake aliweka penseli kwenye ubao, akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na mimi je? Mraba wangu?"

Nikasema wake pia uko hivyo hivyo, nusu kwa nusu, kama wa kila mtu. Alikaa kwenye benchi, na benchi lile lililia kwa uzito wake. Alinieleza kwamba baba yake alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Wareno. Alirudishwa kwao mjomba akiwa bado hajaenda jandoni. Mama yangu alikuwa mtoto bado ananyonya. Aliagwa vizuri, na kwa kuwa aliagwa vizuri hakuja tena, na hakuna aliyemwita. Mjomba hakumbuki sura yake. Anachokumbuka ni kwamba mzee yule alikuwa akipiga mluzi akifanya kazi, na kwamba yeye mwenyewe, mjomba, hupiga mluzi akifanya kazi, na siku zote alidhani ni tabia yake tu. Mluzi hurithiwa kwa kusikia, si kwa herufi, nilikuwa nimejifunza kiasi cha kulijua hilo. Lakini kuna wakati elimu hufunga mdomo, nami niliufunga.

"Sijui hata kaburi lake liko wapi," alisema.

Sikuwa nimewahi kumwona mjomba akilia, na siwezi kusema kwamba nilimwona siku ile, kwa sababu aliinuka akageukia dirisha. Nilimpenda wakati ule kwa moyo wangu wote, mtu yule niliyekuwa nimemhesabu kuwa ndiye aliyenichukulia baba. Naye alikuwa amechukuliwa wake, na hakuna aliyewahi kumchorea mraba.

Baadaye aliniambia nilete kalamu na karatasi ya barua. Mwandiko wake haukuwa mzuri, na alitaka barua hii isomeke. Nikaketi kwenye benchi la kazi, nikasukuma maranda pembeni. Alianza kunitamkia maneno: Shemeji, salamu nyingi, sisi huku ni wazima. Watoto wa kike ni wazima. Mimea imeota. Niliandika yote hayo. Kisha akasimama nyuma yangu, na nikausikia mkono wake, mkono mzito wa seremala, ukitua begani mwangu.

"Andika," alisema. "Mwanao anakuita."

Kalamu ilisimama. Mjomba hakuwahi kutumia neno hilo juu yetu na baba, wala mzee yeyote wa ukoo wetu sikuwahi kumsikia akilitumia. Alidhani sikusikia, akalirudia kwa sauti ya chini zaidi.

"Mwanao. Andika hivyo hivyo."